Kuhusu vidonge ulivyoanza

Malindi

Mama Salma, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku baada ya kufunga duka la dawa, kisha nikausikiliza tena. Unauliza mbona dawa imekuletea kichefuchefu na wasiwasi na huzuni bado iko palepale, na kama si afadhali uiache mapema kabla mwili haujaizoea. Mambo haya hayatoshi kwenye simu, kwa hivyo nakuandikia. Soma polepole, na ukipenda msomee na Baba Salma.

Picha ya karatasi ya daktari nimeiona: sertralini, dawa ya sonona, miligramu 25 kwa wiki ya kwanza, kisha 50, kidonge kimoja kwa siku. Wengi huanzishwa moja kwa moja na 50. Wewe amekuanzishia chini kwa sababu ulimweleza jinsi moyo unavyokwenda mbio, na mwenye wasiwasi mwingi hutikiswa zaidi siku za mwanzo. Kwa hivyo hajakosea, na wala hakukupa dawa hafifu.

Sasa hicho kichefuchefu. Dawa hii inafanya kazi kwenye kemikali iitwayo serotonini. Sisi huisikia ikitajwa kwa habari ya ubongo, lakini sehemu yake kubwa iko kwenye matumbo. Ndiyo maana tumbo hulalamika kwanza: kichefuchefu, kuharisha kidogo, hamu ya chakula kupotea. Kichwa kuuma, mikono kutetemeka kidogo, jasho la usiku na usingizi wa vipande vipande pia huja wiki hizo za mwanzo. Kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya wiki moja au mbili. Meza kidonge ukiwa umekula, na kama kinakukosesha usingizi kimeze asubuhi. Jambo moja ambalo wanawake wengi huona haya kulitaja dukani: hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, na hilo huwa haliondoki upesi kama kichefuchefu. Likitokea mwambie daktari, kwa sababu kuna njia za kulitatua, na usiache dawa kimyakimya kwa ajili yake.

Huzuni haitaondoka wiki hii. Dawa huanza kugusa serotonini siku ileile, lakini ubongo unahitaji wiki kadhaa kujipanga upya. Kwa kawaida mtu huanza kuhisi tofauti kati ya wiki ya pili na ya nne, na nafuu kamili huchukua wiki sita hadi nane. Na haiji kwa mkupuo. Mara nyingi aliye karibu nawe ndiye anayeiona kwanza. Baba Salma atagundua kwamba umelala hadi alfajiri, au umemaliza sahani yako, na wewe mwenyewe bado unasema hakuna kilichobadilika. Moyo huchelewa nyuma ya usingizi na nguvu.

Hapo kwenye kuchelewa ndipo ninapotaka mwangalie sana. Nguvu zikirudi kabla huzuni haijapungua, mtu aliyekuwa amelala tu akiwaza kufa anaweza kupata nguvu ya kufanya jambo. Hatari hiyo imeonekana zaidi kwa walio chini ya miaka 25, na wewe umevuka, lakini wiki za kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa ni za kuangaliwa kwa kila mtu. Ukianza kushindwa kutulia mahali pamoja, ukikesha bila kuchoka, ukiwa na hasira usizozijua au mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo pamoja na mtu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Na ukijikuta na furaha iliyopita kiasi, huhitaji usingizi, unatumia pesa ovyo, hiyo pia ni sababu ya kumwona daktari haraka, maana kuna maradhi ambayo dawa hii ikimezwa peke yake huyachochea.

Kuhusu kuizoea: sertralini haimfanyi mtu aitamani wala aongeze kipimo kila mara. Lakini mwili hujipanga kuizunguka, na ukiiondoa ghafla unalalamika. Kuna mwalimu mmoja, mteja wangu, ambaye aliniruhusu nimsimulie. Alikuwa anameza 50 kwa miezi minne, amepona vizuri, akaambiwa na jamaa zake kwamba sasa ni mtumwa wa vidonge. Siku moja akaacha ghafla. Siku ya tatu kila akigeuza macho alihisi mshtuko kama wa umeme kichwani, kizunguzungu, ndoto kali, na machozi bila sababu. Nyumbani wakasema maradhi yamerudi, mwingine akasema amechezewa. Alipokuja dukani nilimuuliza swali moja: yalianza siku ngapi baada ya kidonge cha mwisho? Sonona ikirudi huwa inajenga taratibu, kwa wiki au miezi. Haya ya kuacha ghafla huanza siku chache tu baada ya kidonge cha mwisho, na yana vitu ambavyo sonona haikuwa navyo, kama ule mshtuko. Nilimpigia daktari wake, akamwambia arudi kwenye 50, na baada ya siku mbili yalikuwa yameisha. Baadaye, alipotimiza miezi sita tangu apone, walishuka pamoja: 25 kwa mwezi mmoja, kisha nusu ya kidonge cha 25 kwa muda, kisha hakuna. Kila hatua walingoja mwili utulie kabla ya kushuka tena.

Kwa hiyo nakuomba sana, usihesabu siku ya kujisikia vizuri kuwa ndiyo siku ya kuacha. Ile miezi sita baada ya kupona ndiyo inayozuia maradhi yasirudi. Walioanguka mara zaidi ya moja huongezewa muda.

Lamu nako kuna hatari yake ya pekee, kuishiwa. Usingoje vidonge viwili vya mwisho ndipo uulizie, maana duka likikosa hapo Amu itabidi dawa ipande basi hadi Mokowe kisha boti, na siku mbili tatu zimekwisha. Vikibaki vya wiki mbili nitumie ujumbe. Ukisahau kimoja na ukakumbuka siku hiyohiyo, kimeze. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha siku hiyo, usimeze viwili pamoja. Na Ramadhani haikuzuii: kidonge ni kimoja kwa siku, ukimeze baada ya futari au kwenye daku, bila kupumzisha dawa mwezi mzima.

Mgongo ukikuuma, usichukue ibuprofeni wala diklofenaki kama ulivyozoea, kwa sababu zikikutana na sertralini tumbo linaweza kutoka damu. Parasetamoli inatosha. Tramadoli usiiguse hata ukipewa na jirani. Na yeyote atakayekuandikia dawa nyingine, hata ya jino, mwonyeshe kwanza hiki unachomeza.

Nijibu ukishafika kwenye miligramu 50, uniambie tumbo linasemaje na umelala vipi. Msalimie Baba Salma, na mwambie nimemwomba aandike kwenye daftari, kila jioni, amekuona vipi, mkaende nalo kliniki.

Wako,
shoga yako wa Malindi