Barua ya malalamiko: Mnasema kiota kimefichwa, nimekipata kwa hesabu ya wastani

Kwa Meneja wa Takwimu na Ramani,

Ndugu Meneja,

YAH: KUFICHWA KWA VIOTA KATIKA RAMANI YENU YA WANYAMAPORI

Mimi ni mratibu wa kikundi cha kujitolea cha watazama ndege, na kumbukumbu zetu tunaziingiza katika ramani yenu. Nawaandikia kwa sababu viota vya tai mlivyotuahidi kuwa vimefichwa havijafichwa hata kidogo. Mtu mwenye akaunti ya bure, anayejua kujumlisha na kugawanya, anaweza kufika hadi chini ya jabali lenyewe. Jina la tai huyo silitaji humu, na naomba nanyi msilitaje mtakaponijibu.

Masharti yenu yanasema kila kumbukumbu ya spishi nyeti husogezwa kwa nasibu ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 5. Umbali huo unatosha, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba mfumo wenu hausogezi nukta mara moja ukaihifadhi ilipoangukia. Unaisogeza upya kila ramani inapofunguliwa. Niligundua hivyo nilipofungua ukurasa uleule mara ya pili nikakuta kiota kimehamia ng'ambo ya mto.

Kwa kuwa nukta inarushwa pande zote kwa usawa, makosa ya kaskazini na ya kusini hufutana, na ya mashariki na magharibi vivyo hivyo. Katika duara lenu, nukta moja huwa imekosea kwa kama kilomita 3.5. Chukua nukta 100 za kiota hichohicho, tafuta wastani wa latitudo na wa longitudo, na kosa linashuka hadi karibu mita 350. Chukua 400, linakuwa chini ya mita 180. Programu ya mistari michache inaziomba zote hizo bila mtu kugusa kitufe. Na tai anayetaga kwenye jabali hahitaji kutafutwa kwa mita: ukishasimama mita 180 kutoka kiotani, michirizi myeupe ya kinyesi kwenye mwamba inakumalizia kazi.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kujisumbua hivyo. Nakubali, lakini mtumiaji wa kawaida si yule tunayemficha. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza mjusi wa mapangoni wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, na mahali alipopatikana pakajulikana. Wakusanyaji wa kibiashara walimfuata, akatoweka pale pale alipoelezwa. Watu wa namna hiyo husoma makala za kitaalamu kwa makini kuliko sisi wengi, na kupakua nukta 400 hakuwezi kuwashinda.

Dawa yake ni rahisi. Acheni nasibu, lazimisheni kila nukta iende katikati ya mraba wake:

```
lat_mpya = floor(lat / 0.1) * 0.1 + 0.05
lon_mpya = floor(lon / 0.1) * 0.1 + 0.05
```

Kwa hesabu hii, kiota kitatoa jibu lilelile leo na mwakani, hata kikiombwa mara elfu, kwa hiyo wastani hautamfaa mtu kitu. Mraba wa digrii 0.1 una kama kilomita 11 kila upande karibu na ikweta. Ukielekea nchi za ncha unazidi kuwa mwembamba. Mkipenda kubaki na nasibu, basi irusheni mara moja tu, mhifadhi matokeo, na mweke pia umbali wa chini, kwa sababu nasibu tupu siku nyingine huiacha nukta mita 40 kutoka ilipokuwa. Hata mraba una mpaka wake: kama ndani yake kuna jabali moja tu, mmeshalitaja. Hapo inabidi mtu aangalie ramani ya miinuko na kupanua mraba, kazi ambayo mfumo hautaifanya wenyewe.

Kuna tundu la pili ambalo kanuni hiyo haizibi. Mtazamaji wetu mmoja alipiga picha shore saa 4:35, kiota saa 4:42, na mbayuwayu saa 4:50. Kiota mmekisogeza. Shore na mbayuwayu, kwa kuwa si nyeti, mmewaacha na majiranukta kamili, jina la mtazamaji na saa. Ukiunganisha nukta hizo mbili kwa mstari una njia aliyopita, na kiota kiko mahali fulani kati yake. Mtandao wa iNaturalist uliliona tatizo hili. Kumbukumbu iliyofichwa kule huonyesha mwezi na mwaka tu, siku haionekani. Fanyeni hivyo. Halafu mfute pia majiranukta yaliyobaki ndani ya faili za picha na maelezo ya mahali yaliyoandikwa kwa maneno. Kusogeza nukta kilomita 5 na kuacha sentensi isemayo "jabali la juu ya daraja la zamani" ni kazi bure.

Sasa nije kwa wanaoitumia ramani kwa nia njema, maana hao nao mmewaumiza. Katika faili mnalotoa, safu ya `coordinateUncertaintyInMeters` ya kiota kilichosogezwa bado inasoma 10. Mhandisi anayepanga njia ya nyaya za umeme ataamini kiota kiko ndani ya mita 10 za nukta yenu. Ataikwepesha njia yake, na huenda akaipitisha kwenye kiota cha kweli. Tai wakubwa hufa kwa kugusa nyaya mbili kwa mabawa. Kwa mraba wa digrii 0.1, safu hiyo ilipaswa kusoma kama 7,850, yaani umbali kutoka katikati ya mraba hadi kwenye pembe yake. Mhandisi akiona 7,850 anajua kwamba eneo lote hilo linahitaji kukaguliwa kabla ya nguzo kusimikwa, na mwizi wa mayai hapati cha kumsaidia.

Mlisema hamwezi kueleza namna mnavyosogeza kwa sababu za kiusalama. Sababu hiyo haina nguvu. Tafiti za DHS za afya na kaya husogeza nukta za makundi ya kaya ya mijini hadi kilomita 2 na ya vijijini hadi 5, isipokuwa asilimia 1 ya makundi ya vijijini ambayo hufika 10, na kanuni hiyo imechapishwa ili mtafiti aizingatie katika hesabu zake. Kinachofanywa siri ni mahali pa kweli tu. Kanuni ambayo usalama wake unategemea watu kutoijua ndiyo hii niliyoivunja mimi, na mimi si mtaalamu wa kompyuta.

Naomba basi tabaka la spishi nyeti liondolewe hadharani mpaka marekebisho yakamilike. Msiifiche ramani nzima kwa kisingizio hicho. Shore hana adui anayemtafuta kwa majiranukta, na kumbukumbu zake zinatumika.

Marekebisho hayo, hata hivyo, hayatarudisha yaliyokwisha kupakuliwa. Kwa hiyo pitieni kumbukumbu za seva, mtafute akaunti zilizoomba kiota kimoja mara nyingi isivyo kawaida, na orodha ya viota hivyo, kwa majiranukta ya kweli, mwipeleke kwa mamlaka ya wanyamapori ya kila eneo husika kabla ya msimu wa kutaga. Nitaomba jibu la maandishi likieleza viota vingapi vimeguswa. Msinitumie vilipo.

Wenu katika kazi,

Mratibu, kikundi cha watazama ndege