Mgeni uliyemtuma barazani

Sahibu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimia, na ile habari ya mlango nitakupa siku nyingine. Leo nina moja tu: mgeni wako.

Alifika Jumamosi baada ya alasiri, akasimama pembeni mpaka nikamwita akae. Nikamuuliza kama anajua bao. Akasema, "Sijui. Rafiki yangu kaniambia nije nijaribu." Basi. Nikangoja aongeze neno, hakuongeza. Ndipo nilipojua ni mtu wako, maana Wete yote ni wewe tu unayeweza kumtuma mtu namna hiyo.

Khamis, siku ile tulimkosea, na jambo hilo limenikaa rohoni. Mzee Makame alimtandikia bao zima: sita nyumbani, mbili mbili kuliani kwake, na kete 22 mkononi. Kijana wa watu anazishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Huyu anamwambia namua, yule anamwambia huna cha kula, takasa. Akaweka kete, akatawanya kushoto, zikalala usoni mwa nyumba ya Makame, zikaliwa. Hakujua hata kosa liko wapi. Akanywa kahawa yake, akashukuru, akaondoka. Usiku sikupata raha.

Jumapili akarudi! Safari hii nilimchukua mimi, nikawaomba wazee wanyamaze, nikatandika bao la kujifunza, lile tulilofunzwa na marehemu babu: mbili mbili kila shimo, mashimo yote 32, mkononi hakuna kitu. Nikampa jambo moja tu la kuangalia, kete ya mwisho imeanguka wapi. Ikianguka penye kete safu yako ya mbele, na shimo la mbele la mwenzio linaloelekeana nalo lina kitu, unakula, na ulichokula unakianzisha kichwani, shimo la pembeni la safu yako ya mbele. Ikiwa mwenzio hana kitu hapo, unazoa za kwako unaendelea. Ikianguka patupu, umelala.

Akanyanyua shimo la tatu kutoka kushoto, safu ya mbele, akaenda kulia. La nne, la tano. Kete ya mwisho imekuta wenziwe, akala zangu mbili. Hapo akataka kuzitawanya kuanzia palepale alipokula, nikaushika mkono wake taratibu nikaupeleka kichwani, kushoto. Moja kichwani, moja shimo la pili. Akala tena mbili. Akazirudisha kichwani, moja, moja, ya mwisho ikaanguka lile lile la pili, lakini kwangu hapo sasa hapana kitu. Akaniangalia. Nikamwambia, zoa. Akazoa nne: la tatu, la nne, la tano, la sita. Akala mara ya tatu! Kichwani moja, na ya mwisho ikatua shimo la pili alilokuwa amelizoa. Patupu. Kalala.

Kete sita zangu kwa mkono mmoja, naye hakuwa amepiga hesabu yoyote. Hakushangilia. Aliinamia ubao, akawa anaifuata ile njia kwa kidole toka mwanzo, kisha akauliza, "Ningeanzia la nne ingekuwaje?" Khamis, nilifurahi! Wangapi wamekaa pale miaka bila ya kuuliza hivyo? Tandika kwako uijaribu, utaona nilivyoona.

Makame anataka tumpeleke kwenye bao zima kesho. Mimi sitaki. Bado anakosea kichwa anapokula haraka, na mara mbili alitaka kuzoa za safu yangu ya nyuma. Akiingia kwenye kunamua sasa hivi, na habari ya nyumba ilale au isafiri, atarudi kulekule kwa Jumamosi. Mpaka mkono uende kichwani wenyewe bila ya kushikwa, ndipo nitakapompa zile 22.

Nina ombi. Komwe zetu zimebaki 61, tatu tumefidia kwa vijiwe, na mgeni akishika kijiwe mkono wake unasita, anadhani kina maana yake. Wewe uko karibu na pwani, niokotee komwe kumi hivi, uzilete na mtu wa meli.

Halafu niambie, ulimwambia nini hasa? Ulimtajia bao au ulimwelekeza barazani tu? Yuko mjini mpaka lini, maana kumuuliza naona haya, asidhani namfukuza. Kahawa chungu anaipenda kweli au anastahi wazee? Na wewe mwenyewe unakuja lini? Shimo la nne nimelipiga jana usiku peke yangu, lakini sikuambii limeishia wapi mpaka unijibu.

Ni mimi nduguyo,
Juma