Barua ya wazi: Chupa za kava ziandikwe onyo la ini

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usalama wa Chakula na Dawa,

Pokea salamu zetu za heshima. Tunaandika hadharani kwa sababu barua tulizopitisha ofisini kwako hazikujibiwa, na kwa sababu wiki hii vinywaji vya kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki, vimerudi madukani vikiwa na lebo mpya inayomshauri mnunuzi anywe "kila jioni, kutuliza mawazo". Ofisi yako ilituahidi kuwa lebo itakayofuata itakuwa na onyo kuhusu ini. Lebo imefika. Onyo halimo.

Mheshimiwa, hatuombi kava ipigwe marufuku. Watu wa Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa wameinywa kwa karne nyingi, na uandaaji wao unafahamika: mzizi hupondwa au kusagwa, hukorogwa kwenye maji baridi, kisha hukamuliwa kwa kitambaa. Kinachobaki ni maji ya rangi ya udongo, machungu, yanayotia ganzi ulimi na midomo. Ganzi hiyo na utulivu unaoifuata hutokana na kemikali ziitwazo kavalaktoni. Lakini baadhi ya chupa tunazozizungumzia hazina maji ya mzizi. Zina kiini kilichotolewa kwa spiriti au kiyeyusho kingine, kikakolezwa, kisha kikatiwa utamu ili uchungu usimzuie mnywaji kufungua chupa ya pili.

Habari za ini si uvumi. Mwaka 2002 Ujerumani ilifuta vibali vya dawa za kava, na mwaka huohuo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikawatahadharisha wananchi kuhusu madhara makubwa ya ini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilichapisha tathmini ya ripoti 93 za wagonjwa. Katika 8 uhusiano na kava ulionekana kuwa wa karibu, na katika 53 uliwezekana bila kuthibitika. Watu 7 walikufa na 14 walipandikizwa ini. Ndiyo, ukilinganisha na wanywaji wote, hao ni wachache. Ndiyo, mwaka 2014 mahakama ya Ujerumani ilitengua marufuku ile, na wauzaji hawachoki kutukumbusha. Hukumu hiyo ilihusu kama hatari inatosha kuzifuta dawa zile sokoni. Haikusema kwamba ini haliwezi kuumia.

Kwa nini wengine waumie na wengine wasiumie, sababu moja haijathibitishwa. Wapo wanaoshuku maganda ya shina, yenye alkaloidi, aina ya kemikali ya mimea, ambayo mzizi uliomenywa vizuri karibu hauna. Wapo wanaoshuku mizizi iliyoota kuvu ghalani, na wapo wanaoshuku aina ya kava inayoitwa "ya siku mbili", ambayo uchovu wake hukaa hadi siku ya pili na ambayo sheria ya Vanuatu ya mwaka 2002 inaizuia kusafirishwa nje. Viyeyusho navyo vimelaumiwa. Hata hivyo, wamewahi kuripotiwa wagonjwa wa ini waliokunywa kava ya maji tu, kwa hiyo muuzaji anayesema "yetu ni ya maji, haina shida" anaahidi asichoweza kukihakikisha.

Tukuonyeshe tatizo la lebo kwa hesabu. Chukua chupa iliyoandikwa "ina kiini cha gramu 3 za mzizi mkavu", basi. Kavalaktoni katika mzizi mkavu zinaweza kuwa asilimia 3, zinaweza kuwa asilimia 15, kutegemea aina ya mmea, umri wake na sehemu iliyochimbwa. Kwa mzizi wa asilimia 3, gramu hizo 3 zina miligramu 90. Kwa mzizi wa asilimia 15, zina miligramu 450, na kiini kikitolewa vizuri, karibu zote zinaingia kwenye chupa. Australia, kwa vidonge vya kava, imeweka kikomo cha miligramu 250 kwa siku. Maana yake chupa mbili zenye lebo ileile, neno kwa neno, moja inaweza kuwa chini kabisa ya kikomo hicho na nyingine karibu mara mbili yake. Mtu akinywa mbili za aina ya pili kwa jioni moja amefikisha miligramu 900, na hana namna ya kujua.

Sasa mwongezee "kila jioni". Madhara makali yaliyoripotiwa huwa hayaji usiku wa kwanza. Hujitokeza baada ya wiki mbili hadi miezi sita hivi ya kutumia, na ndiyo maana mgonjwa hahusishi ugonjwa na kinywaji alichokizoea. Huanza na uchovu, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, mambo ambayo mtu husingizia kazi nyingi. Kisha mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na macho yanageuka manjano. Kipimo cha damu huonyesha kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kikiwa kimepanda sana, ishara kwamba seli za ini zinavunjika. Wengi hupona ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu wakiacha mapema. Anayeendelea kunywa huku akitibu "tumbo" ndiye anayeweza kufikia ini kushindwa kabisa kufanya kazi.

Hata pasipo ugonjwa huo mkali, mazoea yana alama zake. Katika jamii za Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, wanywaji wa kava nyingi walikutwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho GGT kikiwa juu, pamoja na ngozi kavu inayotoka magamba. Vyote viwili hupungua mtu akiacha. Ini linahitaji mapumziko hayo, na lebo ya "kila jioni" inalinyima.

Kuna jambo tunalolijua vizuri zaidi kwa sababu hukutana nalo dirisha la dawa. Kavalaktoni huzuia baadhi ya vimeng'enya ambavyo ini hutumia kuvunja dawa. Mnywaji wa kava anayemeza parasetamoli kwa wingi, au dawa za kifua kikuu, au anayechanganya na pombe, analitwika ini mizigo miwili kwa wakati mmoja. Akichanganya na dawa za usingizi, anaweza kulala kupita kiasi cha usalama. Lebo haimwambii hata hilo.

Tulikuwa na madai mengi, Mheshimiwa, na tumeyapunguza mpaka limebaki moja. Kila chupa iandikwe, kwa herufi zinazosomeka bila kukodoa macho, miligramu za kavalaktoni zilizomo, na chini yake maneno haya:

"Usinywe kila siku. Usinywe ikiwa una ugonjwa wa ini, una mimba, unanyonyesha, unatumia pombe au dawa nyingine kabla ya kumuuliza mfamasia. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa manjano, au ukichoka na kukosa hamu ya kula bila sababu, acha mara moja na ukapime ini siku hiyohiyo. Mwambie daktari kuwa umekunywa kava."

Tafadhali usiiache sentensi ya mwisho. Daktari asipoambiwa, atatafuta virusi vya homa ya ini, atakosa, na mgonjwa atarudi nyumbani kwenye chupa yake.

Maneno tumeyaandika tayari. Kinachosubiriwa ni sahihi yako, na tunaiomba kabla shehena inayofuata haijatoka ghalani.

Wako katika kazi,
Wafamasia na wataalamu wa maabara