Kwa nini hatukuandikii tena "wahi, zimebaki chache"

Mteja wetu mmoja wa Nansio alivuka ziwa kuja Mwanza kufuata taa zetu za kuvulia dagaa. Ujumbe wetu wa WhatsApp ulisema "OFA LEO TU". Tuliutuma Jumanne. Yeye alikuwa kambini, huko mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo aliusoma Alhamisi, na kwake "leo" ikawa Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa alipofika dukani Kirumba, bei ilikuwa imesharudi palepale. Hakugomba. Alimwangalia kijana wa kaunta akamuuliza, "Mwanangu, leo yenu ni ya lini?"

Tulimuuzia kwa bei ya punguzo. Lakini nauli yake na siku yake nzima hatukuweza kumrudishia. Jioni ile tulikaa tukausoma ujumbe wetu upya, safari hii kama mtu aliye kisiwani:

"WAREMBO NA MABOSI WANGUUU!!! Mzigo mpyaaa umetua!!! Taa za sola bei ya kutupa, OFA LEO TU! Zimebaki chache mno, wahi, ukikosa usinilaumu!!! Bei njoo inboksi."

Tuanze na salamu. Orodha yetu ina vijana wa spea, akina mama wanaoanika dagaa, na wazee wenye mitumbwi minne au mitano. Mzee wa namna hiyo anapoitwa "mrembo au bosi" na duka, hawezi kujua kama anatukuzwa au anataniwa. "Shikamoo" nayo haifai kwa orodha nzima, maana itamfikia pia kijana wa miaka 19. Tukachagua "Habari za jioni, ndugu mteja". Kwa umoja, kwa sababu brodikasti hata ikitumwa kwa watu 200, kila mmoja anaisoma peke yake kwenye simu yake.

"Ofa" ilitusumbua zaidi ya tulivyotarajia. Huku kwetu mtu akikwambia "nina ofa yako" maana yake anakulipia soda. Mama mmoja alikuja kweli kuuliza anapewa nini bure. Sasa tunaandika "punguzo la bei", na tunaweka bei zote mbili, ya zamani na ya sasa, ili mtu apige hesabu mwenyewe kama punguzo hilo lina maana kwake. "Bei ya kutupa" haimwambii kitu. Na "bei njoo inboksi" ndiyo iliyotuletea maneno mengi kuliko zote: wateja walidhani tunapanga bei kwa kumwangalia mtu usoni. Ukweli ni kwamba bei ilikuwa moja, tulikuwa tunaiga tu wenzetu. Tena tulijiongezea kazi, maana tulijibu swali lilelile mara sitini kwa siku.

Halafu "zimebaki chache". Siku tulipoandika hivyo stoo ilikuwa na taa 40. Hapa sina la kujitetea. Sasa tunaandika idadi tuliyohesabu kabla ya kutuma, na kama mzigo mwingine umeshaagizwa tunasema. Mwenye haraka ataona namba na kujiamulia. Asiye na haraka atalala usingizi wake.

Neno "mzigo mpya" nalo lina maana mbili. Kuna bidhaa ambayo hatujawahi kuuza, na kuna ileile uliyonunua mwezi uliopita ambayo imerudi. Mtu anayetoka Sengerema au Ukerewe anahitaji kujua ni ipi, kwa hiyo tunamwambia.

Ujumbe uleule sasa unasomeka hivi:

"Habari za jioni, ndugu mteja. Ni duka lako la vifaa vya uvuvi, Kirumba. Taa za kuvulia zinazochajiwa kwa sola, aina ileile tuliyouza mwezi uliopita, zimerudi. Bei ya kawaida ni sh. 85,000. Kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Jumamosi tarehe 8 saa 12 jioni ni sh. 78,000. Tulipohesabu kabla ya kutuma ujumbe huu zilikuwa 40. Betri ina waranti ya miezi 6. Taa iliyoingia maji haimo kwenye waranti. Ukiwa mbali na ungependa tukuwekee, tuandikie jina na idadi. Tutakuwekea siku 3 bila malipo ya awali, na usipokuja haina deni. Usipotaka kupokea matangazo yetu, andika BASI."

Ni mrefu kuliko wa zamani, najua. Kijana wetu alilalamika kwamba hauna moto. Lakini angalia kitenzi: hakuna "njoo" wala "wahi". Kuna "ukiwa", "ungependa", "usipotaka". Uamuzi umebaki kwa mwenye pesa. Tarehe zimetajwa kwa siku na saa kwa sababu ya yule mteja wa Nansio, na pia kwa sababu ujumbe wa duka husambazwa; unaweza kufika Musoma wiki mbili baadaye, na atakayeusoma huko lazima aone mara moja kwamba umepitwa. Jina la duka na mtaa vimo kwa sababu hiyohiyo. Sharti la maji tuliliweka ndani ya ujumbe wenyewe, badala ya kulisema dukani mtu akiwa ameshalipa, kwa kuwa taa ya mvuvi inaishi karibu na maji na hilo ndilo swali litakalokuja.

Kitu kimoja hakiingii kwenye brodikasti hata kwa mafumbo: madeni. Tuliwahi kuandika "wale wanaojijua wamalize madeni yao". Watu watatu waliotupigia simu kwa hasira hawakuwa wanadaiwa hata shilingi. Anayedaiwa anapigiwa yeye, na sauti inakuwa ya chini.

Saa ya kutuma nayo tumeibadilisha. Zamani tulituma saa 2 asubuhi, tukidhani tunawahi. Msimu wa giza, wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na kurudi alfajiri. Saa 2 ndiyo kwanza wamejilaza. Tulikuwa tunawaamsha tuwauzie taa. Sasa tunatuma saa 10 jioni, mara mbili tu kwa mwezi, na mara moja kati ya hizo ni siku za mbalamwezi, wengi wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu na kukagua vifaa.

Kuhusu namba yako: WhatsApp hupeleka brodikasti kwa mtu aliyehifadhi namba yetu tu, na orodha moja haizidi watu 256. Hatukuingizi kwenye kundi, kwa sababu huko namba yako ingeonekana na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara, kwa hiyo BASI si hisani yetu. Ukiiandika, tunajibu "Sawa, tumekuondoa, asante", basi. Hatuulizi sababu. Ukitaka kurudi, sema dukani au andika NIRUDISHE.

Tangu tuanze, watu tisa wameandika BASI. Mmoja wao alikuja Jumanne kuchukua kamba roli mbili, akalipa, akauliza kama zile taa bado zipo. Zilikuwepo 11.