Hukumu ya zamani si kila mara inakufaa

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu hapa Kongwa alikwenda baraza la ardhi na nakala ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, amepiga mstari penye maneno "miaka 12". Alilima shamba la alizeti miaka 15, akaamini limekuwa lake. Ameshindwa, na kijiji kinasema baraza limepuuza Mahakama ya Rufani.

Halikupuuza. Katika hukumu ile, mshindi alikaa kwenye ardhi bila ruhusa ya mtu, mwenye ardhi akanyamaza hadi muda wa kudai ukapita. Jirani yangu alikaribishwa na shemeji yake, na kila mavuno alimpelekea debe moja la shukrani. Mgeni mwalikwa hahesabiwi miaka hiyo. Kinachofunga mahakama ya chini ni sababu iliyoamua kesi, pamoja na mazingira yake; mstari mmoja uliokolezwa kwa wino haufungi mtu. Ukweli ukiwa tofauti, hukumu inabaki hai, ila haihusiki.

Kuitengua ni jambo jingine kabisa. Baraza halina uwezo huo, hata Mahakama Kuu haina. Kesi ya JUWATA na KIUTA ya 1988 ilisema wazi: walio chini wanafungwa hata wakiona Rufani imekosea. Rufani yenyewe ndiyo hujirekebisha, kwa kawaida kwa jopo la majaji 5 badala ya 3.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia nakala, someni kwanza mdai aliingiaje shambani.

Msomaji wako,
Kongwa, Dodoma