Wasifu wa mjiolojia kwenye tovuti ya kampuni ya utafutaji: unavyosomwa, na unavyoandikwa upya

Wateja wetu wengi ni kampuni ndogo zenye leseni za utafutaji wa madini kusini mwa Ziwa Victoria. Wanapoanza mazungumzo na mbia wa kuwekeza, ukurasa unaofunguliwa mapema ni ule wa wataalamu, na anayeufungua ni mjiolojia mwenzao aliyeajiriwa na huyo mbia. Hukutana na sentensi ya namna hii:

"Ana uzoefu wa miaka 15 katika jiolojia, ameshiriki katika ugunduzi wa wakia milioni mbili za dhahabu, na hajawahi kupata ajali kazini."

Huenda kila neno hapo ni kweli, lakini hakuna hata moja analoweza kulihakiki. Tuifungue sentensi hii kipande kwa kipande, tukimtumia mjiolojia wa kutunga aliyefanya kazi katika mkanda wa dhahabu wa Sukumaland.

Tuanze na ile miaka 15. Kazi ya uwandani huhesabiwa kwa misimu, na msimu una kikomo chake. Kusini mwa ziwa miezi mikavu hasa ni Juni hadi Septemba. Mvua zikishaanza, udongo mweusi wa mbuga hunasa magari, na mashine ya kuchoronga huweza kukaa wiki nzima bila kusogea. Kwa hiyo andika msimu, mwaka, mahali, aina ya uchorongaji, mita, na alichokuwa akikifanya yeye mwenyewe. Kuandika maelezo ya miamba kutoka kwenye chenga ni kazi moja. Kupanga mashimo na kuamua lipi lisimamishwe na lipi liendelee ni kazi nyingine, na ndiyo inayoonyesha uamuzi wake.

Mita zenyewe msomaji atazipigia hesabu. Wasifu ukidai mita 30,000 kwa mashine moja ya RC, yaani ya kuchoronga kwa kutoa chenga, ndani ya miezi minne, atachukua siku 104 za kazi na kupata karibu mita 290 kila siku, bila mashine kuharibika na bila kuhama kutoka shimo hadi shimo. Ataacha kuamini hapo, na mengine yote atayasoma kwa mashaka. Mita 9,600 kwa wiki 20, siku sita kwa wiki, ni wastani wa mita 80 kwa siku, nafasi ya matengenezo na kuhama ikiwemo. Huo ni msimu unaoaminika.

Mbuga ina mtego mwingine kwenye wasifu. Udongo wake mweusi mara nyingi umeletwa na maji na kutulia juu ya mwamba ulio chini, kwa hiyo sampuli za juu ya ardhi zinaweza kuonyesha hakuna kitu mahali penye dhahabu. Wasifu ukijivunia sampuli 4,000 za udongo kwenye leseni iliyofunikwa na mbuga, msomaji anayeijua nchi hii atauliza kwa nini hawakuchoronga mashimo mafupi kupita ule udongo hadi kwenye mwamba uliooza. Ikiwa mjiolojia wako ndiye aliyebadilisha mpango huo, liandike. Lina uzito kuliko idadi ya sampuli.

Sasa "hajawahi kupata ajali". Msomaji hajui ni ajali gani, wala za nani. Kiongozi wa kambi hubeba rekodi ya kambi nzima, wakiwemo wafanyakazi wa mkandarasi wa kuchoronga, maana wao ndio walio karibu na vyuma vizito vinavyozunguka. Kampuni nyingi huhesabu saa za waajiriwa wake peke yao na kuwaacha wachorongaji nje. Rekodi ya namna hiyo hupendeza kwa kuwa imeacha nje watu walio hatarini zaidi.

Kipimo kinachotumika sana ni LTIFR, yaani idadi ya majeraha yaliyomfanya mtu akose zamu, ikilinganishwa na saa zilizofanywa kazi:

```
LTIFR = majeraha x 1,000,000 / saa za kazi
```

Kambi ya mfano wetu ina watu 28 pamoja na wachorongaji, saa 60 kwa wiki, wiki 20. Hizo ni saa 33,600 kwa msimu, na 67,200 kwa misimu miwili. Jeraha moja katika muda huo linatoa 14.9. Wapo wanaozidisha kwa 200,000 badala ya milioni moja, nao watapata 3.0 kwa jeraha lilelile. Kuandika "LTIFR 3.0" bila kutaja msingi wa hesabu ni kumpotosha msomaji, hata kama hukukusudia.

Kambi ndogo ina shida zaidi. Kwa saa 67,200, sifuri haithibitishi mengi, na jeraha moja hurusha kiwango juu kana kwamba kambi nzima ni ya hatari. Ushauri wetu ni kuandika saa na matukio yenyewe, kisha kilichobadilishwa: "Saa 67,200 pamoja na mkandarasi. Jeraha moja: vidole vilibanwa wakati wa kuunga fimbo za kuchoronga, siku tatu nje ya kazi. Baada ya hapo fimbo hazikushikwa tena kwa mkono wakati wa kuungwa." Jina la aliyeumia halihitajiki kamwe. Taja pia safari za barabarani na mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo, kama aliweka utaratibu wa kuyapima na kuyazungushia uzio kabla ya timu kupita. Katika kanda hii mashimo hayo mara nyingi yamefichwa na majani.

Kipande kilichobaki, cha wakia milioni mbili, ndicho kinachowaumiza wateja wetu zaidi, kwa sababu hapa kuna kanuni. Kampuni inayotoa taarifa kwa kufuata JORC ya 2012, kanuni ya Australasia ya taarifa za madini, lazima imtaje mtaalamu anayewajibika. Mtaalamu huyo awe mwanachama kamili wa AusIMM au AIG, vyama vya wataalamu vya huko, au wa chombo kingine kinachotambuliwa, na awe na angalau miaka mitano ya uzoefu unaohusiana na aina ya mashapo na kazi anayoiwajibikia. Mkazo uko kwenye maneno "kazi anayoiwajibikia". Kwa matokeo ya utafutaji, uzoefu unaohesabiwa ni wa utafutaji. Kwa kadirio la rasilimali, unaohesabiwa ni wa kukadiria na kutathmini rasilimali.

Mjiolojia wetu ana miaka 15, lakini tisa ni ya kuchoronga na kuandika miamba, miwili ni ya kuchora ramani, na minne ndiyo ya kukadiria. Matokeo ya uchorongaji anaweza kuyawajibikia. Kwa kadirio la rasilimali bado hajafika. Hilo halimpunguzii heshima. JORC inaruhusu wataalamu zaidi ya mmoja, kila mmoja akitajwa na sehemu yake. Kosa ni wasifu kuzichanganya kazi hizo mbili chini ya "miaka 15", kisha jina lake likaonekana peke yake chini ya kadirio.

Kuhusu "wakia milioni mbili", neno "ameshiriki" linaweza kumaanisha aliyebeba sampuli au aliyetia saini. Andika alichofanya: alichora mipaka ya mwamba wenye dhahabu, au alichagua kikomo cha kushusha vipimo vikubwa kupita kiasi, au aliendesha hesabu, au aliikagua kazi ya mwingine. Namba nayo iende na tani, kiwango, daraja na tarehe. Tani milioni 3.2 za gramu 1.8 kwa tani ni gramu milioni 5.76, sawa na takriban wakia 185,000. Daraja likiwa ni "zilizokisiwa", la chini kabisa kati ya matatu, litajwe. Na kampuni inayofuata kanuni ya Kanada, NI 43-101, hairuhusiwi kujumlisha zilizokisiwa na zile za madaraja ya juu. Wakia milioni mbili kwenye wasifu huwa mara nyingi ni jumla ya namna hiyo.

Ukitaka sentensi moja itakayomfanya msomaji mtaalamu asimame na kusoma tena, andika kuhusu uzito wa mwamba. Kadirio hupima ujazo kwanza, kisha huuzidisha kwa uzito wa mita moja ya ujazo ili kupata tani. Mwamba mgumu unaweza kuwa na tani 2.7 kwa mita ya ujazo, na mwamba uliooza juu yake tani 1.8 tu. Atakayetumia 2.7 kwa vyote, kwenye mita za ujazo milioni moja za mwamba uliooza atapata tani milioni 2.7 badala ya 1.8. Ameziongeza tani kwa nusu nzima, na dhahabu yake pamoja, bila shimo hata moja kuongezwa. Kosa hili huanzia uwandani, pale vipande laini visipopimwa kwa kuwa vinavunjika, au vinapozamishwa majini bila kupakwa nta na maji yakaingia kwenye matundu. Mjiolojia aliyesimamia upimaji huo vizuri ana jambo la kuandika.

Wasifu wetu ukiandikwa upya unakuwa hivi:

"Mjiolojia wa utafutaji, dhahabu ya mishipa na ya miamba yenye chuma, mkanda wa Sukumaland. Misimu tisa ya uchorongaji. Katika miwili ya mwisho aliongoza kambi ya watu 28 na kupanga mita 9,600 za RC kwa kila msimu. Saa 67,200 pamoja na mkandarasi, jeraha moja la kukosa kazi. Utaratibu wa kuunga fimbo ulibadilishwa. Miaka minne ya ukadiriaji: alichora mipaka ya mwamba wenye dhahabu na kusimamia vipimo 410 vya uzito, vikiwemo 160 vya mwamba uliooza vilivyopakwa nta. Anawajibikia matokeo ya utafutaji. Kadirio la rasilimali linawajibikiwa na mtaalamu mwingine aliyetajwa kwenye taarifa."

Kabla ya kuuweka hadharani, hakiki uanachama wake kwenye orodha ya chombo husika siku hiyohiyo, maana ada isipolipwa uanachama husitishwa, na ngazi za wanafunzi na wahitimu wapya hazikidhi JORC. Kisha mpe ausome na kukubali kwa maandishi. Kwa taarifa yenye jina lake kama mtaalamu anayewajibika, kibali cha maandishi ni sharti la JORC, na kinahusu maneno yenyewe pamoja na mahali yalipowekwa. Ukihamisha aya ileile kwenda kwenye tangazo la matokeo mapya, muombe kibali kipya.