Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mkoa wa Kielimu, Lubumbashi: Wanafunzi wenye pointi sawa wapewe nafasi moja

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, ninakuandikia nikiwa mwalimu wa hisabati na titileri wa darasa katika shule moja ya sekondari ya mji huu. Ninakuomba uzitolee shule zako agizo moja fupi kuhusu namna ya kupanga nafasi za wanafunzi kwenye buletini, kabla ya palmaresi ya mwisho wa mwaka.

Baada ya kugawa buletini za semesta ya kwanza, msichana mmoja wa darasa langu alinifuata akiwa na buletini mbili mkononi, yake na ya rafiki yake. Alizilaza mezani bega kwa bega, akaweka kidole kwenye mstari wa jumla: 588 kwa 800 huku, 588 kwa 800 kule. Kisha akashusha kidole hadi kwenye nafasi. Rafiki yake alikuwa wa 2 kati ya 45, naye wa 4 kati ya 45. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, «Mwalimu, alinishindia wapi?» Sikuwa na jibu, na saini iliyokuwa chini ya buletini zote mbili ilikuwa yangu.

Nilikwenda sekretarieti kutafuta chanzo, nikakiona mara moja. Orodha ya darasa imeandikwa kwenye kompyuta kwa alfabeti. Mwandishi anaipanga upya kuanzia jumla kubwa hadi ndogo, kisha anaandika 1, 2, 3, 4 kwenye safu ya pembeni na kuvuta hadi chini. Kompyuta inapokuta jumla zinazolingana haiwezi kuamua nani atangulie, kwa hiyo inawaacha wanafunzi hao katika mfuatano waliokuwa nao mwanzo, yaani ule wa alfabeti. Katika darasa langu watatu walikuwa na 588. Aliyeanza na herufi B akawa wa 2, wa K akawa wa 3, na msichana wangu, ambaye jina lake linaanza na T, akawa wa 4. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Lakini jambo hilo halitokei mara moja tu likaisha: kila kipindi, kila semesta, kila mwaka, mtoto wa T akifungana na mwenzake atawekwa nyuma, kwa sababu jina lake halibadiliki.

Kabla ya kusema nafasi ipi iandikwe, inafaa tukubaliane namba hiyo inamwambia mzazi nini. Mzazi wa hapa mjini, wa mtaa wa Katuba au wa Kenya, anaposoma kwamba mtoto wake ni wa 5 kati ya 45, anaelewa kwamba watoto wanne walipata pointi nyingi kuliko wake. Hiyo ndiyo maana pekee ambayo nafasi inaweza kuibeba bila kudanganya, na kanuni yote inatoka hapo: hesabu wanafunzi waliomzidi mtoto kwa jumla, kisha ongeza moja. Aliyepata 611 hakuzidiwa na yeyote, kwa hiyo ni wa 1. Kila mmoja wa wale watatu wenye 588 alizidiwa na mmoja tu, basi wote watatu ni wa 2. Anayewafuata ana 574, na waliomzidi ni wanne, basi yeye ni wa 5. Nafasi ya 3 na ya 4 hazina mwenyewe, nazo hazikuibiwa na mtu, maana zimekwisha kujazwa na wale watatu wanaokaa pamoja kwenye nafasi ya 2.

Ninajua mahali hesabu hii inapokwamia, nako ni uwanjani siku ya palmaresi. Msomaji anaita «wa pili», anaita tena «wa pili», anaita mara ya tatu «wa pili», halafu anasema «wa tano». Minong'ono inaanza: wa tatu yuko wapi? Nimewahi kuona orodha ikirekebishwa palepale kwa kalamu ili kuwaridhisha watu, aliyekuwa wa 5 akafanywa wa 3, na wote waliofuata wakapandishwa. Marekebisho hayo yanaonekana ya huruma, ila yanaharibu namba kuanzia hapo hadi mkia wa darasa. Mtoto mwenye 574 anakwenda nyumbani na nafasi ya 3, baba yake anaamini kwamba wawili tu ndio waliomtangulia, kumbe ni wanne. Na darasa likiwa na sare nyingi za pointi, mtoto wa mwisho kabisa anaweza kuandikiwa 31 kati ya 45, mzazi akafurahi kwamba kuna watoto kumi na wanne walio nyuma yake, wakati nyuma yake hakuna hata mmoja.

Kuruka namba si uvumbuzi wangu. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing, mwaka 2008, katika mbio za mita 100 za wanawake, Wajamaika wawili, Sherone Simpson na Kerron Stewart, walifika pamoja nyuma ya mwenzao Shelly-Ann Fraser. Wote wawili walipewa medali ya fedha, na medali ya shaba haikutolewa. Msomaji wa palmaresi anaweza kuwatuliza wazazi kwa sentensi moja kabla hajaanza: «Wanafunzi waliolingana pointi wanashika nafasi moja, na namba zinazofuata zinarukwa kadiri ya idadi yao.»

Kuna wenzangu wanaosema kwamba sare inapaswa kuvunjwa. Baadhi yao wanatazama pointi za hisabati au za Kifaransa, wengine wanatazama mwenendo, na wengine, nasema kwa masikitiko, wanamtazama mtoto wanayemfahamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na ningeweza kuona fahari somo langu likitumika kuamua, lakini ninakataa. Somo lenye maksima kubwa tayari limeingia kwenye jumla kwa uzito mkubwa kuliko somo lenye maksima ndogo, na kulirudia tena wakati wa sare ni kulihesabu mara mbili. Mwenendo nao una mstari wake kwenye buletini. Kama watoto wawili wana 588, buletini haina budi kusema kwamba wamelingana, kwa sababu wamelingana.

Tatizo la kweli linabaki pale penye kitu kisichogawanyika. Mfadhili akisema atawalipia karo watatu wa kwanza, hesabu ya darasa langu inatoa majibu matatu. Kwa njia ya alfabeti watalipiwa watatu, na msichana wa T ataachwa. Kwa nafasi za pamoja zenye kuruka namba watalipiwa wanne. Kwa njia ile ya kutoruka watalipiwa watano, akiwemo mwenye 574 ambaye alizidiwa na wanne. Naona jibu la haki ni wanne. Lakini fedha zikiwa za watatu tu, kigezo cha kuchagua kiandikwe na kutangazwa mwanzoni mwa mwaka, kabla pointi yoyote haijajulikana, na kitumike kwa zawadi hiyo peke yake. Nafasi iliyo kwenye buletini isiguswe.

Kuna sare nyingine ambazo si sare, na hizi zinatoka kwenye asilimia. Shule nyingi zinaandika asilimia bila desimali, kisha zinapanga nafasi kwa kuifuata hiyo. Kwa maksima ya 800, asilimia moja ni pointi 8 nzima. Mwanafunzi mwenye 580 ana 72,5, ambayo inakaribishwa kuwa 73. Mwenye 587,5 ana 73,4 na kitu, naye anaandikiwa 73. Hao wawili wanaonekana wamefungana, ingawa pointi saba na nusu zinawatenganisha. Mwenye 588 ana 73,5, anapandishwa hadi 74, na anaonekana amemwacha mbali mwenzake wa 587,5, ambaye kwa kweli amemzidi kwa nusu pointi tu. Kwa hiyo nafasi ipangwe kwa jumla ya pointi, na asilimia ikaribishwe baadaye kwa ajili ya kusomwa. Palipo na mwanafunzi aliyesamehewa somo fulani, maksima yake inakuwa tofauti na ya wenzake, na hapo peke yake ndipo tulinganishe asilimia, tena kabla ya kuikaribisha.

Kazi ya sekretarieti haitaongezeka. Kwenye Eksel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyoko kwenye kompyuta za shule zetu nyingi, ikiwa jumla za wanafunzi 45 ziko kwenye safu ya F kuanzia mstari wa 2, inatosha kuandika hivi mbele ya mwanafunzi wa kwanza na kuvuta hadi chini:

```
=RANG(F2;$F$2:$F$46;0)
```

Fomula hii inawapa waliolingana nafasi moja na inaruka namba yenyewe, bila hata kuipanga orodha upya. Alama za dola zisisahauliwe. Zikikosekana, kila mstari unapovutwa chini unawasahau wanafunzi wa juu yake, na dalili yake ni rahisi kuiona: wa mwisho kwenye alfabeti anakuwa wa 1, hata kama alipata pointi chache kuliko wote. Ipo pia fomula ya `MOYENNE.RANG`, ambayo ingewapa wale watatu wenye 588 nafasi ya 3 kila mmoja, kwa kuwa 3 ni wastani wa 2, 3 na 4. Ina matumizi yake katika takwimu, lakini kwenye buletini ingemwita wa 3 mtoto aliyetanguliwa na mmoja tu.

Titileri anayepanga kwa mkono kwenye daftari naye ana njia ya kujihakikishia kabla ya kusaini. Achukue nafasi ya mwisho kabisa, aongeze idadi ya wanafunzi walioishika, atoe moja. Lazima apate idadi ya wanafunzi waliopangwa. Wawili wakiwa pamoja mwishoni kwenye nafasi ya 44, basi 44 na 2 ni 46, ukitoa moja unapata 45, na orodha iko sawa. Akipata 33 au 40, ajue kwamba kuna mahali namba haikurukwa, na arudi kutafuta kwenye kila sare.

Bwana Mkurugenzi, ninaomba agizo liseme kwamba nafasi ni idadi ya waliomzidi mwanafunzi kwa jumla kamili ya pointi, ukiongeza moja, na kwamba hakuna shule itakayovunja sare kwenye buletini kwa kigezo chochote. Ninaomba pia liwaruhusu matitileri kusahihisha, kwa muhuri wa shule, nafasi zilizokosewa katika semesta iliyopita. Buletini ya yule msichana bado iko kwenye droo ya meza yangu, kwa kuwa nilimwomba aniachie mpaka nipate ruhusa ya kuandika 2 mahali palipoandikwa 4.

Upokee, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu za dhati.

Mwalimu wa hisabati na titileri wa darasa,
Lubumbashi